Akko Anaingia Kisanduku Gani

Kliniki yetu ya afya ya akili iko mwisho wa ukumbi wa hospitali, baada ya chumba cha macho na kabla ya bomba linalovuja. Tuko watatu: afisa tabibu anayeandika dawa, sista anayemjua kila mtu Isiolo pamoja na shangazi zake, na mimi, mshauri wa kisaikolojia, ambaye wagonjwa huniita daktari hata nikiwakataza.

Kila Alhamisi asubuhi, kabla benchi la nje halijajaa, tunakaa mbele ya ubao mweupe na mimi ninachora msalaba mkubwa. Msalaba huo unazaa visanduku vinne. Cha kwanza ni cha mambo yaliyomweka mtu tayari kuumia tangu zamani: damu ya ukoo, tabia aliyozaliwa nayo, yaliyompata utotoni. Cha pili ni cha kilichochokoza, yaani kwa nini ameanguka sasa na si mwaka jana. Cha tatu ni cha yanayoendeleza, kwa sababu jiwe lililomkwaza mtu huenda liliondoka kitambo na yeye bado yuko chini. Cha nne ni cha yanayomlinda, yaliyomshika asianguke zaidi. Ugonjwa una jina lake, lakini jina hilo hilo wanalo watu elfu. Visanduku ndivyo vinavyotuambia huyu mmoja aliingiaje humo, na atatokea wapi.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Nyumbani kwangu kijiko hakilali na uma. Kwa hiyo nilitaka kila jambo liingie kisanduku kimoja, likae, linyamaze.

Halafu akaja akko.

Akko ni nyanya kwa Kiborana, na ndivyo nyumba yote ilivyomwita, nasi tukafuata. Alikuwa mfanyabiashara wa maziwa ya ngamia, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Nyuma yake alikuja mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, amejifunika mtandio hadi kwenye nyusi. Tangu shule zifunguliwe alikuwa hajaenda. Alikuwa hatoki chumbani, haonani na rafiki, hasemi. Mwalimu wa ushauri wa shule ndiye aliyemwambia akko amlete kwetu.

"Salaam aleikum," nilisema.

"Waaleikum salaam," akajibu akko, kwa niaba ya wote wawili.

Nilimgeukia msichana. "Umeamkaje leo?"

"Ameamka na kichwa," akasema akko.

"Unalala vizuri?"

"Analala kama mtoto ya ngamia. Mchana. Usiku hapana."

"Shuleni unapenda somo gani?"

"Hapendi shule, daktari, ndiyo tumekuja." Akafikiri kidogo. "Lakini Bayolojia anapenda."

Nikamweleza akko kwa adabu kwamba sasa ninaomba kuzungumza na mtoto peke yake. Alikubali haraka sana. Alitoka, akazunguka jengo, akasimama dirishani. Ilibidi sista amwendee na chai, amuulize bei ya maziwa, na kumshika mbali na dirisha kwa mabishano ya heshima hadi nilipomaliza.

Msichana alipobaki nami, nilimwambia kwamba anayoyasema yatabaki pale, ila kama maisha yake au ya mtu mwingine yatakuwa hatarini. Hapo nitalazimika kumwambia mtu mzima wa kumsaidia. Kisha nikauliza yale ambayo lazima yaulizwe, polepole, moja baada ya jingine. Je, huwa anatamani asingekuwepo? Amewahi kujiumiza? Kuna mtu anayemuumiza, nyumbani au shuleni? Kuna mtu anayetaka kumwoza? Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Kwa kila swali alitikisa kichwa: hapana. Swali la mwisho lilimfanya aangalie dirisha, ambako sauti ya akko ilikuwa inafika kutoka upande wa pili wa jengo.

"Nasikia hiyo tu," akasema.

Hiyo ndiyo sentensi pekee niliyopata siku hiyo, nami nilirudi kwa wenzangu nikitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Afisa tabibu alimwona pia, akaagiza damu ipimwe, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo hujua sana kujifanya huzuni. Damu ilikuwa safi. Maoni yake: woga mkali wa kutazamwa na watu, na huzuni iliyokuja nyuma yake ikijikokota. Kwa umri ule tungeanza na mazungumzo, si vidonge.

Alhamisi ikafika na msalaba wangu.

Kisanduku cha kwanza kilijaa upesi. Mtoto alikuwa mwenye haya tangu kunyonya. Mama yake, aliyeko Merti, alipomzaa kitinda mimba alikaa kimya muda mrefu, haguswi na jambo. Na msichana mwenyewe alipoletwa mjini kuanza darasa la kwanza hakujua Kiswahili. Alipofungua mdomo darasa lilicheka. Yote hayo akko alikuwa amemwambia sista huko nje, bila kuulizwa, kati ya kikombe cha kwanza na cha pili.

Kisanduku cha pili kilikuwa na alama ya kuuliza.

"Cha tatu?" nikauliza. "Nini kinaendeleza?"

"Simu," akasema afisa tabibu. Kwake yeye kila kijana anaendelezwa na simu.

"Hana simu," sista akasema. "Anatumia ya akko, na ya akko ina tochi tu na redio."

"Basi kujitenga."

Nikaandika "kujitenga", nikarudi nyuma, nikalitazama. Halikuniridhisha. Mtoto amejitenga kwa sababu anajitenga: ni kama kusema mvua inanyesha kutokana na mvua.

"Na cha nne?"

"Akko!" wakasema pamoja. Hapo hapakuwa na mjadala. Anampikia, anampelekea chakula kitandani, anamwombea, amempeleka kwa sheikh akasomewa, na sheikh mwenyewe akasema mpelekeni na hospitali pia. Nani ana mlinzi kama huyo? Nikaandika "akko" kwa herufi kubwa, na likajaza kisanduku chote, jambo ambalo kwa umbo lake lilionekana sawa kabisa.

Ubao ulikuwa bado haujafutwa sista alipoleta habari. Mjomba wa msichana, ndugu wa mama yake, mwenye lori la kubeba mizigo, alikuwa ameamua. Jumamosi ya wiki iliyofuata lori lingekwenda Merti, na msichana angekwenda nalo kwa mama yake, akae na mifugo, kichwa kipoe.

Hatukuipenda habari hiyo. Si kwamba Merti ni kubaya. Kuna mto, kuna mama, kuna ndugu wanaompenda. Lakini mtoto anayeogopa watu, ukimwondoa kwa watu, siku ya kwanza atapumua vizuri sana, na ndiyo hatari yenyewe. Woga hunona kwa kukimbiwa. Akipanda lori lile muhula ungepotea, na kiti chake darasani kingezidi kuwa mbali kila wiki. Afisa tabibu alisema kwa sauti ambayo si ya mzaha: "Akienda, harudi shule huyu."

Kumwambia mjomba "usimpeleke" bila kumwonyesha kwa nini kungekuwa bure. Na kisanduku changu cha tatu kilikuwa na neno moja lisilosema kitu.

Kwa hiyo nikaomba kutembelea nyumba yao, mtaa wa Kiwanjani. Akko alisema niende muda wowote, mlango wake haujui kufungwa. Nilichagua asubuhi mapema kwa sababu yangu ya kichunguzi: watu hupangia mgeni wa saa nane, lakini mgeni wa saa moja anakuta nyumba ikiwa yenyewe.

Nikaikuta. Gari la maziwa lilikuwa limetoka kushusha mitungi ya plastiki ya njano, na uani wanawake wanne walikuwa wakipimiana, wakibishana, wakifukiza vyombo kwa moshi wa kuni. Katikati yao, ameinama, mtandio umeanguka mabegani, alikuwa mgonjwa wangu.

Alikuwa anafungua mtungi, ananusa, anafunga. "Hii ya kwanza kuuzwa," akasema. Mwingine. "Hii itangoja hadi jioni." Mwingine. "Hii ilikuwa kwa chombo chafu, akko, mwambie yule mama."

"Unasikia?" akko akaniambia, akijikausha mikono. "Bila pua yake mimi siuzi."

"Akko, uliniambia haongei na mtu."

"Haongei! Hii ni maziwa."

Nilikaa juu ya mtungi mtupu nikatazama. Wanawake wale hawakumwangalia usoni. Walikuwa na haraka, walitaka neno lake na si hali yake, na yeye akalitoa neno wazi, bila kutetemeka. Kisanduku cha nne, nilichokuwa nimekijaza kwa akko mmoja, kilikuwa na mtu mwingine ndani: msichana mwenyewe.

Kisha mlango wa mbele ukabishwa, na sauti ya mwanamke ikaita salamu.

"Lala!" akko akanong'ona. "Wageni! Lala haraka!"

Sijaona nyumba ikibadilika namna ile. Msichana aliacha mtungi wazi, akaruka kizingiti, akajitupa kitandani. Mmoja wa wanawake akamvutia leso hadi kidevuni. Mwingine akaweka kikombe cha maji na tasbihi kando ya mto. Akko akapunguza sauti yake hadi kiasi ambacho sikujua anacho. Mgeni alipoingia na kilo ya sukari, kulikuwa na chumba cha mgonjwa kamili, kilichobakiza tu harufu ya moshi na maziwa.

"Anaendeleaje?" mgeni akauliza, akimtazama msichana.

"Vile vile," akko akajibu. "Tunamshukuru Mungu."

Mgeni akaomba dua, akahuzunika vizuri, akanywa chai, akaondoka. Akaja mwingine. Katika kona ya chumba kile kile, juu ya godoro lake mwenyewe, alikuwa dada mdogo wa akko, aliyesafiri kutoka Merti kuja kumwona mgonjwa na hakutaka kuondoka kabla hajaona amepona au vinginevyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni dalili.

Walipopungua nikamwuliza akko: "Kwa nini alale?"

Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango wa choo. "Daktari, mtu amepanda pikipiki, amenunua sukari, amekuja kuona mgonjwa. Amkute amesimama? Atasema tumemdanganya. Itakuwa aibu."

"Na nani aliwaambia ni mgonjwa?"

Hapo akko akatazama upande. Kutoka kitandani, chini ya leso, sauti ikasema: "Ile video."

Nikawaomba wote watupishe. Na hapo, bila mtu wa kumjibia, nikapata kisanduku cha pili. Siku ya wazazi shuleni, mwisho wa muhula uliokuwa umepita, alichaguliwa kukaribisha wageni. Alisimama mbele, akaona umati, maneno yakaisha. Akabaki amesimama, mdomo wazi, hadi mwalimu alipokuja kumshika mkono. Mjomba wake alikuwa ameketi mstari wa mbele akirekodi kwa fahari, na kwa fahari hiyo hiyo akaituma kwenye kundi la ukoo la simu kabla hata hajaitazama. Ukoo mzima, kutoka Merti hadi Garba Tula, uliona mtoto aliyenyamaza ghafla kama aliyepigwa na kitu. Wakajibu kwa mikono ya dua, safu kwa safu. Wakasema ni mgonjwa. Wakaanza kuja.

"Na wewe ukalala."

"Nililala siku ya kwanza tu kwa sababu nilikuwa na aibu," akasema. "Halafu wakaja. Halafu siwezi kuamka, kwa sababu wanakuja. Na nikiwaza nimetoka huko nje, kila mtu ameona ile." Akavuta leso. "Hapa angalau mimi ni mgonjwa. Mgonjwa haambiwi aongee."

Nikamwuliza ni yapi kati ya hayo ningeweza kuwaambia watu wa nyumbani. Alifikiri. "Yote. Lakini ya video useme wewe. Mimi nitaangalia mkeka."

Tulikaa siku ya Alhamisi, lori likiwa bado na siku mbili: akko, mjomba, dada yake akko ambaye hakuna aliyemwalika, msichana na mimi. Mjomba alikuwa mwanamume mwenye mikono ya grisi na haraka ya mtu ambaye gari lake limesimama. Nilijua nikianza na visanduku nitampoteza. Nikaanza na lori.

"Tuseme lori limekwama kwenye laga," nikasema. Laga ni mto mkavu. Mtu akiona mchanga hadhani ni mto, hadi mvua inyeshe mlimani. "Kwa nini limekwama?"

"Inategemea."

"Tairi zake zilikuwa zimeisha tangu mwanzo."

"Tairi zilizoisha haziwezi kukukwamisha peke yake," mjomba akanikatiza. "Mimi nimepita laga na tairi kama kipara cha mzee. Lazima kitu kifike. Maji yamelowesha mchanga."

"Sawa. Maji yalipita asubuhi, sasa ni saa kumi, juu jua linawaka. Mbona bado limekwama?"

"Dereva mjinga!" Alipiga goti, akasahau Merti. "Anakanyaga mafuta. Anaona lori haitoki, anazidi kukanyaga, gurudumu inachimba, anaingia mpaka eksele. Si maji tena. Ni yeye!"

"Na anafikiri anasaidia."

"Anafikiri anasaidia sana! Anatoka jasho!"

Nikangoja. Dada yake akko ndiye aliyegeuka kwanza, akamtazama dada yake. Kisha mjomba. Kisha hata mimi, ingawa sikukusudia.

"Mimi?" akasema akko. "Mimi ndiye nakanyaga mafuta?"

"Wewe unamjibia, akko. Unamlaza. Unampelekea chakula. Kwa upendo."

"Kwa upendo!" mjomba akadakia, akifurahi kama aliyeshinda kesi. "Nilisema! Nilisema huyu mama anamharibu mtoto!"

"Na maji yaliyolowesha mchanga," nikasema, "yalikuwa video ya siku ya wazazi."

Mjomba akaanza kusugua grisi viganjani. Msichana, kama alivyoahidi, aliangalia mkeka. Akko aliachia kicheko kirefu hadi akashika ubavu. "Karibu kwa laga, mwanangu," akamwambia. "Nilikuwa peke yangu hapa."

Niliharakisha kusema kwamba hakuna aliyetenda kosa. Mmoja alirekodi kwa fahari, mwingine alilaza kwa heshima ya wageni. Visanduku havitafuti mwenye hatia, vinatafuta mahali pa kuweka koleo. Haya aliyozaliwa nayo hatuwezi kuyatoa. Siku ya wazazi imepita. Lakini cha tatu tunakigusa leo hii, na kukigusa tunatumia cha nne.

"Na Merti?" mjomba akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ukiwa umekwama," nikasema, "ukaacha lori hapo ukaenda nyumbani kulala, utalala vizuri."

Aliliwaza hilo. "Ukirudi utakuta mchanga umekauka umeishika," akasema. Akakuna kidevu. Akamgeukia mpwa wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwuliza yeye: "Unataka kwenda?"

Akko alifungua mdomo. Nilimwona. Akauziba kwa kiganja chake mwenyewe, kwa nguvu, na macho yakamtoka.

Tulingoja. Kuku alipita. Dada yake akko alianza kukohoa na mjomba akamtazama vikali.

"Nataka kubaki," msichana akaambia mkeka. "Lakini si darasani kesho."

Si kesho, nikakubali. Tulipanga ngazi, na yeye ndiye aliyezipanga kutoka rahisi hadi ngumu, nami nikishika kalamu tu. Kuwasalimu wageni akiwa amesimama. Kumpimia maziwa mteja asiyemjua. Kupeleka mtungi shuleni, langoni, kisha hadi chumba cha walimu, maana walimu walikuwa wateja wa akko miaka mingi. Kukaa na rafiki mmoja mapumzikoni. Darasa lilikuwa la mwisho. Kazi ya akko ilikuwa moja, na alisema ni ngumu kuliko zote: kuulizwa swali la mtoto na kunyamaza. Mjomba alifuta video, kisha akaandika kwenye kundi kwamba mtoto haumwi na sukari imetosha.

Alhamisi iliyofuata nilichora msalaba. Nikaandika "akko" kwenye kisanduku cha nne, nikaandika tena "akko" kwenye cha tatu. Sista alipiga makofi. Afisa tabibu aliuliza kama sasa vijiko vyangu vinalala na uma.

Darasani alirudi kabla muhula haujaisha, kwanza kwa kipindi cha Bayolojia. Kulikuwa na wiki alizorudi chini ngazi mbili, akko akinipigia simu kwa kilio na kukata kabla sijajibu kwa sababu amekumbuka anatakiwa anyamaze. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Jumamosi ile ya lori.

Nilipita Kiwanjani nikielekea sokoni, au ndivyo nilivyojiambia. Lori lilikuwa linanguruma, limejaa unga na mabati. Kiti cha mbele, kilichokuwa cha msichana, kilikaliwa na dada yake akko, mkoba magotini, uso umekunjwa.

"Nimekuja kutoka Merti kuona mgonjwa," aliniambia kupitia dirishani, "nimenyimwa mgonjwa. Naamka asubuhi, kitanda mtupu! Ananisalimia akiwa amesimama kama askari!"

"Pole sana," nikasema.

Msichana alitoka uani na vidumu viwili vya plastiki vya maziwa. Barabara ilikuwa na watu: wapakiaji, watoto, wanawake wawili waliokuwa wameleta sukari na bado hawajasoma ujumbe. Wote waligeuka. Akasita hatua moja, kisha akaenda hadi dirisha la lori na kuvipitisha ndani. Akko, mlangoni, alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hii unywe kwanza," msichana akamwambia yule bibi, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapakiaji. "Hii ingine itafika Merti. Msalimie mama."